Kimya cha Saa Kumi na Dakika Thelathini na Tano

Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Nimebebeshwa mzigo. Kamati ya familia za Laga Warsan imekutana leo nyuma ya duka la Abdihafid, mwenyekiti wetu, na chai haijapoa nimeshakuwa msoma hotuba. Eti mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwaka huu wanakuja wageni wa kaunti ambao Kisomali hakiwapandi. Eti tena mama yangu ni mmoja wa wale kumi na tisa, kwa hiyo nitasema kwa uchungu. Uchungu ninao, Abdihafid! Kuusema mbele ya spika ndiyo kazi.

Miaka kumi. Siku ile lori lilitoka sokoni, mbuzi chini, watu juu, likasombwa na maji pale kwenye laga, mto wa msimu, kilomita kumi na mbili kutoka hapa Habaswein. Leo laga hiyo ni mchanga mtupu. Mvua za vuli zimetukimbia, mizoga ya ng'ombe iko kando ya barabara, na sisi tunajiandaa kukumbuka mafuriko.

Ratiba imechapwa na ofisi, kila jambo na saa yake. Ila mbele ya "kimya cha dakika moja" pana nafasi tupu. Bwana aliyeileta akauliza ajali ilitokea saa ngapi hasa, maana ingefaa kimya kianze dakika ileile. Tukatazamana kama wanafunzi ambao hawakusoma. Miaka yote tumesimama "baada ya Alasiri", basi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Abdihafid akanigeukia na Kiswahili chake cha kuungaunga. "Mwalimu, hiyo saa utafute wewe. Andika safi-safi, usitube aibu mbele ya wageni."

Sheikh Noordin naye alikuwa na lake. Kusimama kimya tu kama nguzo si desturi yetu, alisema, maiti wanataka dua. Wakabishana mpaka adhana. Mwisho wakakubaliana: midomo ifungwe dakika nzima, kila mtu aombee maiti moyoni, na kimya kikiisha Sheikh aombe dua kwa sauti. Nikaulizwa kama dakika moja inatosha kwa Fatiha na Ikhlas tatu. Nikasema nitapima.

Jumatatu, 3 Novemba

Shule zimefungwa kwa hiyo nimempima Iftin. Nilishika simu, nikamwambia asome moyoni, akimaliza ainue kidole. Fatiha na Ikhlas tatu: sekunde hamsini na nne. Nikampima tena: hamsini na sita. Mwanangu hana haraka, alhamdulillahi. Mimi mwenyewe: arobaini na tisa. Nilipita dukani kwa Abdihafid nikampima na yeye, akaona ni mchezo lakini akakubali. Sekunde thelathini na moja! Huyo hasomi, anakimbizwa na fisi.

Dakika moja basi inatosha. Lakini dakika ni ndefu, mtu haujui urefu wake mpaka anyamaze. Iftin alisema sekunde za mwisho ndizo nzito, kwa sababu umeshamaliza kusoma na hujui ufikirie nini.

Tarehe 14 anatimiza miaka kumi. Nilimzaa usiku ule ule wa ajali. Hatujawahi kumfanyia chochote siku hiyo. Huwa namnunulia kitu tarehe 15 na kujifanya nimesahau hesabu. Yeye naye hujifanya anaamini.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetoka kwa Bishar. Mwandiko huu ningeurudisha kama ningekuwa nausahihisha.

Nilimwendea kwa sababu ya saa tu. Yeye ndiye aliyekuwa utingo wa lile lori, na kati ya watu wanne waliookoka ndiye peke yake bado yuko hapa. Siku hizi anauza maturubai na kamba. Ndiye pia apigaye ile kengele ya mbao ya ngamia wakati majina yanaposomwa. Aliikuta kwenye tope baada ya maji kupungua, mwenyewe hakujulikana.

Nikamwuliza, ilikuwa saa ngapi? Akajibu papo hapo: saa kumi na dakika thelathini na tano. Nikauliza umejuaje. Akaendelea kukunja turubai. Nikang'ang'ana, ndio ubaya wa ualimu. Akasema, walaal, ndugu yangu, saa umeipata, nenda ukaiandike. Sikuenda.

Basi akasema. Walifika lagani wakaswali Alasiri ukingoni. Bishar akaingia majini na fimbo yake kupima, kama kawaida ya utingo: maji yalikuwa magotini. Mbingu safi. Watu wakataka kuvuka. Rage, dereva, akakataa. Aliona povu na samadi ya mbuzi zikielea, na samadi ikielea maana yake maji yameosha malisho ya juu, nyuma yake kuna mengine. Akasema tunalala hapa, kesho tutavuka kwa miguu tukitaka.

Rage akakataa! Miaka kumi nimeambiwa Rage alikuwa mwenye pupa, alitaka kuwahi mirungi mjini. Nimemchukia kwa dhati. Nilikuwa nikimwombea vibaya wakati nanyonyesha.

Kisha simu ya mama ikalia. Mtandao ulishika juu ya lori tu. Mama akateremka analia, akamshika Rage shati. Akasema binti yangu anazaa, damu imeanza mapema, yuko peke yake, mumewe yuko Garissa. Wanawake wengine wakamsaidia. Wewe Rage huna mama? Wewe Rage hukuzaliwa? Rage akatazama saa ya kwenye dashibodi. Akasema ni saa kumi na thelathini na tano, tukiingia sasa Magharibi tutaiswalia Habaswein. Akasema Bismillahi. Hakumtuma Bishar apime tena.

Mimi ndiye niliyepiga ile simu. Nilimwambia, "Hooyo, mama yangu, njoo upesi, nakufa." Sikuwa nakufa. Nilikuwa naogopa.

Nikamwuliza Bishar mbona hukusema. Akasema wazee walishasuluhisha, ukoo wa Rage ulileta ngamia wa fidia ya damu, mambo yakazikwa, na aliyefukua atabeba mwenyewe. Tena ningekwambia nini, akasema, ulikuwa na kichanga mkononi na mama yako hajapatikana.

Hakupatikana mpaka leo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeijaza nafasi ile kwenye ratiba. 10:35 jioni. Abdihafid amefurahi sana. Anasema sasa inaonekana kazi ya watu waliosoma.

Jumapili, 9 Novemba

Tumekwenda lagani kusafisha. Tumeng'oa magugu makavu, tumekaza waya wa ua, tumepaka chokaa ukingo wa jiwe. Ni bamba la saruji, majina kumi na tisa, herufi nilizichora mimi mwenyewe mwaka ule wa pili. Fartun binti Deeq, mama yangu, ni la saba. Nililipangusa kwa shela yangu kama kila mwaka. Halafu nikajikuta nahesabu nafasi iliyobaki chini ya jina la mwisho. Panatosha mstari mmoja.

Jina la Rage halimo. Familia zilikataa, na mimi nilikuwa wa kwanza kupaza sauti. Nilisema aliyewaua asilale nao. Hayo ndiyo maneno yangu, na yalisifiwa.

Mjane wake, Maka, huja kila mwaka. Haingii. Hukaa chini ya mgunga nje ya ua na chupa yake ya chai, mgongo umenyooka. Hakuna anayemfukuza, hakuna anayemkaribisha. Tukisimama kwa kimya, yeye hukaa. Nilikuwa naona ni kiburi. Leo nimeelewa: kimya kile si cha mumewe, asimamie nini?

Njiani nilimwambia Abdihafid, je, tukilisoma na jina la dereva? Alisimamisha gari kabisa. Akaniuliza kama joto limenipanda. Suluhu ikishasomewa Fatiha haiguswi, alisema, ukiigusa ngamia wale wanakuwa hawana maana na damu inakuwa mbichi upya. Kwa hasira Kiswahili chake kilinyooka chote.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniumiza. Amezika watoto wawili pale.

Jumatano, 12 Novemba

Majaribio ya mwisho, pale pale lagani. Jenereta ni la msikiti, linanguruma kama ngamia mwenye nyege. Nikawaambia hatuwezi kunyamaza na kitu kile kinaongea. Kwa hiyo kitazimwa kabla ya kimya, na spika itakufa nacho. Ndipo tukapanga hivi:

Nasoma hotuba. Nasoma majina polepole, na baada ya kila jina Bishar anapiga kengele mara moja. Kumi na tisa. Jenereta linazimwa. Abdihafid anainua mkono, watu wanasimama, simu zimeshazimwa, na inapotimu 10:35 anaushusha. Mimi nashika saa. Sekunde ya sitini namtikisia Bishar kichwa, anapiga tatu za haraka, Sheikh anaanza dua kwa sauti yake tu. Watu wasikae mpaka "amin" ya mwisho.

Nimepima na hotuba. Ikizidi dakika tisa majina yatachelewa na 10:35 itatupita. Nimekata aya mbili za shukrani kwa ofisi, hakuna atakayezilia.

Nimeongeza aya moja. Nimeiandika kwenye karatasi peke yake, ni sentensi tano kuhusu Rage. Nimemwonyesha Bishar. Aliisoma huku midomo ikicheza, akanirudishia. Alisema nikiisoma nisimtaje yeye. Kisha akasema, lakini mwalimu, usiposoma usijilaumu, hata mimi nimeshindwa miaka kumi.

Mtume amesema tutaje mema ya maiti wetu. Na mama yangu? Nikimsafisha Rage namchafua yeye. Alimshika mtu shati kwa kunipenda. Hilo ni baya au jema?

Ijumaa, 14 Novemba

Niandike kwa utaratibu, la sivyo sitaandika.

Watu zaidi ya mia mbili. Wageni wa kaunti walikuja na maji ya chupa, tukashukuru, ukame huu. Wanaume upande wa kulia, sisi kushoto, watoto wa duksi, chuo cha Kurani, mbele wamepangwa mistari, Iftin kati yao na shela nyeupe. Maka chini ya mgunga wake, nje. Nilihakikisha.

Sheikh alisoma Kurani. Abdihafid alikaribisha. Nikaitwa.

Nilisoma vizuri! Nilisema maji hayana adui, hupita njia yake. Nilisema tulikuwa hatuna daraja na mpaka leo hatuna, na mgeni wa kaunti akatazama viatu vyake. Nilisema marehemu walikuwa na nini mikononi: huyu sukari, huyu viatu vya mtoto, yule dawa ya mbuzi. Wanawake wakaanza kulia. Nikafika penye ile karatasi. Ilikuwa chini ya kidole gumba changu.

Nikainua macho nikamwona Abdihafid. Alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, yule mzee wa kubishana bei. Nikaipitisha karatasi nyuma. Sikuisoma. Nimeogopa. Niliogopa mwaka ule nikapiga simu, leo nimeogopa nikanyamaza.

Nikasoma majina. Jina, kengele. Ile kengele haina mlio, inagonga tu, ko, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. La saba nilisema "Fartun binti Deeq" bila kukwama. La kumi na tisa. Kengele. Jenereta likazimwa. Abdihafid akainua mkono, watu wote wakasimama.

Na Bishar akapiga tena.

Ko. Bila jina.

Hakuna asiyehesabu pale. Familia zote zina kumi na tisa vichwani kama siku za juma. Shingo ziligeuka. Mkono wa Abdihafid ulibaki juu, na mimi natazama simu: 10:34 na sekunde hamsini na nane, hamsini na tisa. Akaushusha. Angefanya nini? Ratiba ni ratiba. Kimya kikaanza.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Waya wa ua ulikuwa unalia kwa upepo. Nilijaribu Fatiha, nikapotea katikati, nikaanza upya. Sekunde ya ishirini na kitu nikatazama nje ya ua. Maka alikuwa ameweka chupa yake chini. Alishika mti, akajiinua, goti moja, la pili. Akasimama. Miaka kumi, na leo amesimama.

Sekunde ya sitini ikafika. Bishar ananitazama, kijiti mkononi. Sikutikisa kichwa. Wallahi sikuweza. Nikasema moyoni mwacheni asimame kidogo, amechelewa miaka kumi. Sabini. Themanini. Watoto walianza kuhamisha miguu. Iftin hakuhama. Abdihafid aliangalia saa yake, akaniangalia mimi. Dakika moja na sekunde arobaini.

Nami nikafungua mdomo. Hakuna spika. Sauti yangu ya darasani tu, tena imekauka.

Nikasema: "Rage alikataa kuvuka. Mama yangu alimsihi, kwa sababu mimi nilimpigia simu. Mimi ndiye niliyewaharakisha."

Basi. Hata sentensi tano hazikufika.

Wa mbele walisikia. Wa kati waliuliza, amesema nini? Nikaona maneno yangu yanakwenda, kutoka mdomo hadi sikio, mtu anamgeukia wa nyuma yake, na yule wa nyuma yake, mpaka wanaume walio karibu na waya, mpaka mwanamke mmoja aliyeinama kwenye waya wa ua akamwambia Maka kitu. Sijui alimwambia nini. Sijui kilichomfikia ni maneno yangu au ni mengine. Nilimwona anasikiliza. Hakulia, hakuinua mikono. Akaokota chupa yake akaondoka kwa njia ya mchanga, katikati ya laga, wala hakugeuka.

Bishar akapiga tatu bila kungoja kichwa changu. Sheikh akaanza dua, aliomba kwa ajili ya "wote waliochukuliwa na maji haya", sikumbuki kama kila mwaka husema "wote". Abdihafid hakuitikia amin. Alikuwa ameshakwenda kwenye gari.

Nimerudi na lori la kaunti. Hakuna aliyekaa karibu nami ila Iftin. Alitazama mchanga njia nzima. Nilidhani amechoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi ujumbe wa Abdihafid: kamati itakaa nyumbani kwangu baada ya Adhuhuri, niwe na mwanamume wa kunisimamia. Nimempigia mume wangu, Yarow. Akasema hawezi kufika leo kutoka Garissa, nimwombe Sheikh. Hakuniuliza ni kweli au si kweli. Mume wangu ni mtu mzuri, lakini hilo angeuliza.

Wanaweza kunitoa kwenye kamati. Hilo si neno. Wanaweza kurudi kwa ukoo wa mama na kusema suluhu ilifanywa kwa uongo, ngamia warudishwe. Hilo ni neno. Ngamia waliliwa zamani.

Nimemnunulia Iftin kalamu za rangi, kama kawaida ya tarehe 15. Akazipokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba si kweli kwamba jana nilisahau hesabu.

Alikuwa mstari wa mbele. Mstari wa mbele! Nilimtazama Maka, nikamtazama Abdihafid, nikahesabu kila mtu ambaye maneno yangu yangemfikia, na yule aliyeyasikia kwanza, sawasawa, bila mtu wa kumpokezea, nikamsahau. Niliposema nilipiga simu, nilipiga kwa sababu ya nani? Mtoto wa miaka kumi anajua kutoa na kujumlisha.

Nilitaka kumwita nimweleze. Akatoka nje na ndoo.

Adhuhuri imeshaswaliwa. Mikeka nimetandika, chai iko jikoni. Nasikia mtu langoni. Si wazee, wazee hukohoa kwanza.

Nimechungulia. Ni Maka, na chupa yake. Haingii. Ameketi nje ya ua wangu kama anavyoketi kule, na Iftin amesimama mbele yake, ndoo imejaa, haitui.

Maka amemwuliza ana miaka mingapi.

Kumi.

Amemwuliza kumi tangu lini.

Jana, amesema Iftin. Kisha akasema, "Jana usiku. Siku ile ile ya lori."

Iftin ameitua ndoo. Niko nyuma ya mlango na daftari hili, na simu mkononi, nimeiangalia bila kukusudia. Sekunde arobaini sasa tangu Iftin ajibu. Hamsini. Maka bado anamtazama usoni, na mkono wake umeanza kuinuka taratibu kutoka kwenye magoti, kiganja wazi, kuelekea shavu la Iftin.